Uzi: Transposi kama mgeuzo mstari kwenye matriksi za 3×3, thamani aigeni zake na vipimo vya nafasi zake

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa na habari za jioni kwa wenzangu. Kuna swali la aljebra mstari ambalo linanisumbua tangu juzi, na daftari limeanza kujaa bila jibu la kuaminika. Swali lenyewe ni fupi: chukua nafasi ya matriksi zote za 3×3 zenye namba halisi, halafu uufikirie mgeuzo T(A) = Aᵀ, yaani ule unaozifanya safu mlalo kuwa safu wima. Tafuta thamani aigeni za T, nafasi aigeni zake, na vipimo vya kila nafasi.

Kwamba T ni mgeuzo mstari nimelithibitisha bila shida, kwa sababu (A + B)ᵀ = Aᵀ + Bᵀ na (cA)ᵀ = cAᵀ. Baada ya hapo niliamua kufuata njia ndefu. Niliziandika namba 9 za A kwa mpangilio wa safu baada ya safu, nikatengeneza matriksi ya 9×9 inayowakilisha T, kisha nikaanza kukokotoa ditaminanti ya λI − T kwa mkono. Baada ya kurasa nne nimepata (λ − 1)⁵(λ + 1)⁴. Sioni nimekosea wapi, lakini mwenzangu tunayesoma naye anasema jibu ni 6 na 3, na hawezi kunieleza kwa nini. Naomba mnieleze taratibu.

Chaurembo

Ndugu Kibatari, nadhani unajichosha bure. Ni jambo linalojulikana kwamba A na Aᵀ zina thamani aigeni zilezile, kwa kuwa ditaminanti haibadiliki unapofanya transposi. Kwa hiyo jibu linategemea A uliyopewa. Ukipewa A yenye thamani 2, 5 na 7, basi na Aᵀ itakuwa na 2, 5 na 7. Swali lako halina jibu moja mpaka utuambie A ni ipi. Vilevile nina shaka kama huo mgeuzo ni mstari kweli, maana (AB)ᵀ inatoa BᵀAᵀ, yaani inapindua mpangilio wa kuzidisha.

Binti Makunduchi

Kaka Chaurembo, uliyoyasema kuhusu A na Aᵀ ni kweli kabisa, lakini hayajibu swali lililoulizwa. Aliyeulizwa hapa ni T, wala si A. Katika swali hili matriksi A imekaa kwenye kiti cha vekta: ndiyo inayoingia kwenye mgeuzo na kutoka upande wa pili. Tunachotafuta ni matriksi A isiyo sufuri ambayo, ikishapita ndani ya T, inatoka ikiwa ileile iliyozidishwa kwa namba fulani, yaani Aᵀ = λA. Hiyo λ haina uhusiano na thamani aigeni za A yenyewe. Kwa mfano, matriksi ya ulalo yenye 2, 5 na 7 haiguswi na transposi, kwa hiyo mbele ya T hiyo ni vekta aigeni yenye λ = 1, ingawa 1 haimo kati ya 2, 5 na 7.

Kuhusu kuzidisha, umstari hauulizi chochote juu ya AB. Unauliza juu ya kujumlisha na juu ya kuzidisha kwa namba moja tu, na hayo mawili mwenye uzi ameshayathibitisha.

Nahodha wa Pili

Mimi ninayo njia ya mkato ambayo haihitaji hata ukurasa mmoja. Ukifanya transposi mara mbili unarudi ulikotoka, kwa hiyo T² = I. Sasa ikiwa Aᵀ = λA na A si sufuri, basi ukifanya transposi tena unapata A = λ²A, kwa hiyo λ² = 1, na thamani aigeni ni 1 na −1. Na kwa kuwa T inabadilishana kati ya pande mbili za ulalo kwa usawa, kila thamani inachukua nusu ya nafasi. Nafasi ina vipimo n², kwa hiyo ni n²/2 kwa kila upande.

Binti Makunduchi

Nahodha, nusu ya 9 ni ngapi? Utaniletea nafasi yenye vipimo vinne na nusu?

Nahodha wa Pili

Hapo umenikamata. Hata hivyo sehemu ya kwanza siiachi: λ² = 1 imethibitishwa.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, marahaba. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na uzi huu unanikumbusha kwamba makosa yake huwa ni yaleyale.

Nianze na Nahodha. Hoja yako ya T² = I ni nzuri, lakini inathibitisha kidogo kuliko unavyodhani. Inasema kwamba λ haiwezi kuwa kitu kingine zaidi ya 1 au −1. Haisemi kwamba zote mbili zipo, wala haisemi kila moja ina nafasi ya ukubwa gani. Mgeuzo usiobadilisha chochote nao una T² = I, na −1 haimo ndani yake kabisa. Hata transposi yenyewe, ukiichukua kwa matriksi za 1×1, haigeuzi kitu: thamani pekee ni 1. Kwa hiyo mtu akiandika kwenye mtihani kwamba T² = I, basi thamani ni 1 na −1, akaishia hapo bila kuonyesha hata matriksi moja yenye Aᵀ = −A, mimi humkata alama.

Sasa Kibatari. Kabla sijakuonyesha njia fupi, nataka uone jinsi ambavyo ungeweza kugundua mwenyewe kwamba 5 na 4 si sahihi, bila kurudia kurasa nne. Jumla ya namba zilizo kwenye ulalo wa matriksi ya T lazima iwe sawa na jumla ya thamani aigeni, kila moja ikihesabiwa mara inazojirudia. Tazama ile 9×9 yako. Namba 1 inakaa kwenye ulalo pale tu ambapo T inakiacha kipengele mahali pake, na vipengele visivyohama wakati wa transposi ni vile vitatu vya ulalo wa A: a₁₁, a₂₂ na a₃₃. Kwa mpangilio wako hivyo viko nafasi ya 1, ya 5 na ya 9. Kwa hiyo jumla ni 3. Jibu lako linatoa 5 − 4 = 1. Kuna kitu kimevunjika, na pengine ni alama moja tu ya kujumlisha au kutoa.

Ukaguzi huo unaweza hata kuugeuza uwe uthibitisho. Tuseme 1 inajirudia mara p na −1 inajirudia mara q. Basi p + q = 9, na p − q = 3. Suluhisha: p = 6, q = 3. Kwa n yoyote, p + q = n² na p − q = n, kwa hiyo p = n(n + 1)/2 na q = n(n − 1)/2. Mwenzako yuko sahihi.

Kibatari

Ahsante sana Mwalimu. Nimerudi kwenye daftari na nimelikuta kosa: kwenye safu mlalo ya tano, ile ya a₂₂, niliandika λ + 1 badala ya λ − 1, na nikaendelea nayo hadi mwisho. Kweli ilikuwa alama moja.

Hata hivyo bado kuna jambo linalonitatiza. Hesabu ya p na q inanipa idadi ya marudio kwenye polinomia. Tulifundishwa kwamba idadi ya marudio na kipimo cha nafasi aigeni si lazima vilingane. Nitajuaje kwamba nafasi ya λ = 1 ina vipimo 6 kamili, na si 5 au 4?

Mwalimu Mstaafu

Hilo ndilo swali lililostahili kuulizwa tangu mwanzo. Tulijibu kwa kuzitazama nafasi zenyewe.

Aᵀ = A maana yake ni kwamba matriksi ni linganifu: kila namba iliyo juu ya ulalo ina pacha wake chini ya ulalo. Ukitaka kuijenga matriksi ya namna hiyo ya 3×3, una uhuru wa kuchagua namba tatu za ulalo na namba tatu za juu ya ulalo. Za chini huzichagui, zinafuata. Uhuru wako ni namba 6, na hicho ndicho kipimo.

Aᵀ = −A maana yake ni kwamba matriksi ni linganifu kinyume: pacha wa chini ana alama iliyo kinyume na ya juu. Kwenye ulalo kila namba ni pacha wa nafsi yake, kwa hiyo inalazimika kuwa sawa na kinyume chake, na namba halisi ya namna hiyo ni sufuri peke yake. Ulalo wote unakufa. Unabaki na uhuru wa namba tatu za juu ya ulalo tu, na hicho ni kipimo cha 3.

Hapo ndipo usawa wa nusu kwa nusu wa Nahodha ulipoharibika. Nje ya ulalo ni kweli kabisa kwamba kila upande unapata nusu: namba 6 za nje zinagawanywa 3 kwa 3. Ulalo ndio usiogawanywa, wote unakwenda kwa λ = 1.

Nataka ulione jambo hilo ndani ya 9×9 yako pia. Usipange vipengele safu baada ya safu. Anza na a₁₁, a₂₂, a₃₃, kisha weka mapacha pamoja: a₁₂ na a₂₁, halafu a₁₃ na a₃₁, halafu a₂₃ na a₃₂. Kwa mpangilio huo matriksi ya T inavunjika vipande vipande kando ya ulalo: namba 1 tatu zilizo peke yake, zikifuatwa na vipande vitatu vya 2×2 ambavyo kila kimoja kina sufuri kwenye ulalo na 1 kwenye pembe nyingine mbili. Kipande cha namna hiyo hakifanyi kitu zaidi ya kubadilishana namba mbili. Polinomia yake ni λ² − 1, na vekta zake aigeni ni (1, 1) kwa λ = 1 na (1, −1) kwa λ = −1. Polinomia nzima unaisoma bila kukokotoa: (λ − 1)³(λ² − 1)³, yaani (λ − 1)⁶(λ + 1)³. Kurasa zako nne zinakuwa mstari mmoja.

Binti Makunduchi

Naomba niongeze mfano wa namba, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuelewa hadi nilipofanya mmoja kwa mkono. Chukua

```
    1  7  4
A = 3  2  0
    8  6  5
```

Sehemu yake linganifu ni (A + Aᵀ)/2, na sehemu linganifu kinyume ni (A − Aᵀ)/2. Tazama mapacha 7 na 3: wastani wao ni 5, na nusu ya tofauti yao ni 2. Mapacha 4 na 8: wastani 6, nusu ya tofauti −2. Mapacha 0 na 6: wastani 3, nusu ya tofauti −3. Kwa hiyo

```
    1  5  6         0   2  -2
S = 5  2  3     K = -2  0  -3
    6  3  5         2   3   0
```

Jumlisha S na K, unarudi kwenye A. Ukifanya transposi, S inabaki ilivyo na K inageuka kuwa −K, kwa hiyo Aᵀ = S − K. Kwangu mimi hii ndiyo picha yote: T inaiacha S na kuibadilisha K alama.

Kuna ukaguzi mwingine ninaoupenda. Jumla ya mraba wa namba zote za A ni 204. Ya S ni 170, na ya K ni 34, na 170 + 34 = 204. Hii si bahati. Ukizidisha S na K kipengele kwa kipengele na kujumlisha, kila pacha wa juu anafutana na wa chini, na unapata sufuri. Nafasi mbili zimekutana kwa pembe mraba, kwa hiyo kanuni ya Pithagorasi inafanya kazi. Ikiwa umegawanya matriksi yako na jumla hizo hazilingani, umekosea mahali fulani.

Fundi Mitambo

Nimesoma uzi huu kwa hamu kubwa, kwa sababu mwezi uliopita nilikwama kwenye jambo hilihili kwa kompyuta. Mimi si mwanafunzi, ninaandika programu, na nilitaka kuthibitisha 6 na 3 kwa kutumia NumPy. Nilichofanya ni kuchukua kila vekta ya msingi yenye namba 9, kuifanyia `.T`, na kuyapanga majibu kuwa safu wima za matriksi ya 9×9. Thamani aigeni nilizopata zilikuwa 1 mara tisa, na −1 haikuonekana kabisa. Nikadhani nadharia ina tatizo, jambo ambalo sasa ninaona aibu kulisema.

Mwalimu Mstaafu

Usione aibu, ndugu Fundi. Jumla ya ulalo wa matriksi uliyoipata ilikuwa ngapi?

Fundi Mitambo

Ilikuwa 9, Mwalimu, na ingepaswa kuwa 3. Laiti ningeijua mbinu hiyo, ningegundua mara moja kwamba kosa ni langu na si la hesabu. Baadaye niligundua chanzo: kwenye NumPy, orodha bapa ya namba 9 ina mhimili mmoja tu, na `.T` juu ya kitu chenye mhimili mmoja hairudishi kitu kipya, inakurudishia kilekile. Kwa hiyo nilikuwa nimejenga mgeuzo usiobadilisha chochote. Ilinipasa kwanza kuikunja orodha iwe 3×3, nifanye transposi, kisha niikunjue tena. Njia niliyoishia nayo ni hii, inayoandika moja kwa moja kila kipengele kinakohamia:

```python
import numpy as np
n = 3
K = np.zeros((n*n, n*n))
for i in range(n):
    for j in range(n):
        K[i*n + j, j*n + i] = 1
print(np.trace(K))
print(np.linalg.eigvalsh(K))
```

Ulalo unajumlisha 3, na thamani zinatoka −1 mara tatu na 1 mara sita, isipokuwa tofauti ndogondogo za mwishoni mwa desimali. Nimejaribu n = 4 pia, nikapata −1 mara 6 na 1 mara 10. Ninatumia `eigvalsh` kwa sababu K ya kwenye programu hii, ambayo ni ile 9×9 ya T na si K ya Dada Binti, ni linganifu.

Swali langu ni moja. Nikiomba na vekta aigeni, hazifanani na zile za Mwalimu za (1, 1) na (1, −1). Wakati mwingine zinachanganya mapacha wa sehemu tofauti. Je, zimekosewa?

Binti Makunduchi

Hazijakosewa. Nafasi yenye vipimo 6 haina msingi mmoja tu, ina misingi isiyo na idadi, na kompyuta inakupa wowote iliouangukia. Ukitaka kuwa na hakika, kunja kila vekta iwe 3×3 kisha uangalie kama ni linganifu. Zile za λ = 1 zote lazima ziwe hivyo, hata kama namba zake hazipendezi.

Nahodha wa Pili

Sasa kwa kuwa nimeshakubali kosa, naomba nirudishe heshima yangu kidogo. Tuseme namba zetu ni changamano na badala ya transposi tu tunafanya transposi pamoja na kubadilisha alama ya sehemu ya i. Huo nao ukirudiwa mara mbili unarudi mwanzo. Nimehesabu vipimo vyake, na safari hii ninapata nusu kwa nusu kamili. Je, nimekosea tena?

Mwalimu Mstaafu

Safari hii Nahodha ameshika usukani vizuri, ila kuna mwamba mmoja mbele yake. Mgeuzo huo si mstari juu ya namba changamano. Ukiuingiza iA, inatoka −i ikizidisha jibu la A, kwa hiyo namba i haikupita salama. Ukisema tu kwamba unatafuta thamani aigeni zake bila kutaja namba unazoruhusu kuzidisha, swali lenyewe halijakaa sawa. Mfano mmoja unatosha: ukichukua matriksi ambayo mgeuzo huo hauigusi, yaani yenye λ = 1, na kuizidisha kwa i, unapata yenye λ = −1. Nafasi aigeni ya kweli isingeruhusu jambo hilo.

Lakini ukikubali kuzidisha kwa namba halisi peke yake, mgeuzo unakuwa mstari, na nafasi ya matriksi za 3×3 za namba changamano inakuwa na vipimo 18. Na hapo nusu kwa nusu ni kweli: 9 na 9. Sababu ni hiyohiyo iliyotuharibia mwanzo, yaani kuzidisha kwa i kunahamisha upande mmoja wote hadi upande wa pili, na kunarudisha, kwa hiyo pande mbili haziwezi kutofautiana kwa ukubwa. Utaliona kwenye ulalo pia: namba ya ulalo sasa ina sehemu halisi inayokwenda kwa λ = 1, na sehemu ya i inayokwenda kwa λ = −1. Ulalo nao umegawanywa.

Transposi ya kawaida, isiyogusa alama ya i, inabaki kuwa mgeuzo mstari juu ya namba changamano, na vipimo vyake ni 6 na 3 kama kawaida.

Chaurembo

Nimeelewa sasa kwamba nilisoma swali vibaya, na ninawaomba radhi. Naomba niulize jambo ambalo huenda nalo ni la kijinga. Dada Binti aligawanya kwa 2 alipotafuta S na K. Mimi ninasoma mambo ya misimbo ya kusahihisha makosa, na huko namba zetu ni 0 na 1 tu, ambako 1 + 1 = 0. Huko kugawanya kwa 2 ni kugawanya kwa sufuri. Je, 6 na 3 bado zipo?

Mwalimu Mstaafu

Si la kijinga hata kidogo. Hazipo, na hapa ndipo swali la Kibatari kuhusu marudio na vipimo linapopata jibu lenye meno.

Katika namba zako −1 na 1 ni kitu kimoja. Polinomia (λ − 1)⁶(λ + 1)³ inakuwa (λ − 1)⁹, na thamani aigeni ni 1 tu, ikijirudia mara 9. Sasa hesabu matriksi zenye Aᵀ = A: uhuru bado ni namba 6, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo marudio ni 9 na kipimo ni 6. Vipimo vitatu vimepotea, na T haiwezi kuwekwa kwenye ulalo kwa msingi wowote.

Tazama kilichotokea ndani ya kipande kimoja cha 2×2. Zamani kilikuwa na vekta mbili, (1, 1) na (1, −1). Sasa (1, −1) imekuwa (1, 1), vekta mbili zimeangukiana. Kila jozi ya mapacha imepoteza vekta moja, jozi ni tatu, na hizo ndizo tatu zilizopotea.

Na ukiichukua matriksi ya 2×2 yenye 1 kwenye kona ya juu kulia na sufuri kwingine kote, ukajaribu kuiandika kama jumla ya vekta aigeni za T, hutaweza. Kila vekta aigeni ni linganifu, jumla ya zilizo linganifu ni linganifu, na hiyo si linganifu.

Kibatari

Kwa hiyo T² = I inatosha kutuhakikishia kwamba T inawekeka kwenye ulalo, mradi tu tunaruhusiwa kugawanya kwa 2?

Mwalimu Mstaafu

Ndivyo hasa. Sentensi yako hiyo ningekupa alama zote.

Kibatari

Nina la mwisho. Kwenye maelezo ya somo tumeandikiwa kwamba transposi ni uakisi, kama kioo. Je, hilo ni sahihi?

Nahodha wa Pili

Mimi nasema ni sahihi kwa 2×2 tu. Pale vipimo ni 3 na 1. Upande wa −1 ni mstari mmoja tu, ule wa matriksi J yenye 1 juu kulia na −1 chini kushoto. Kioo ndivyo kilivyo: kinapindua mwelekeo mmoja na kuacha mingine yote. Kwa 3×3 upande wa −1 una vipimo 3. Hiyo ni kazi ya vioo vitatu mfululizo, kimoja kwa kila jozi ya mapacha, na siwezi kuviita kioo kimoja.

Binti Makunduchi

Mimi sikubaliani. Kinachofanya kitu kiwe uakisi ni kwamba kuna nafasi inayobaki, na nafasi iliyo kwa pembe mraba nayo inayopinduliwa. Vipimo vya kinachopinduliwa havinihusu. Transposi inatimiza sharti hilo kwa kila n kuanzia 2.

Nahodha wa Pili

Basi kwa maelezo yako, kugeuka nusu mzunguko kwenye nafasi yetu hii ya vipimo vitatu nako ni uakisi, maana mhimili unabaki na mielekeo miwili inapinduliwa. Utasimama mbele ya kioo ujione umegeuzwa mgongo?

Binti Makunduchi

Ndiyo, nako nitakuita uakisi, kwenye mstari badala ya kwenye bapa. Na ukiangalia ditaminanti, kwa n = 4 ni chanya, kwa sababu zinazopinduliwa ni 6. Sioni kwa nini jina libadilike kila n inapoongezeka.

Mwalimu Mstaafu

Wapo wanaolitumia jina hilo kama Nahodha na wapo wanaolitumia kama Binti. Kibatari, kwenye mtihani andika 6 na 3 na uonyeshe nafasi zenyewe. Neno kioo usilitumie kabla hujajua msahihishaji wako yuko upande upi.